Andiko la uwanja wa pamoja: tuombe wa ukoka mkubwa au wa nyasi bandia mdogo?

Mkikaa kuandika andiko la kuomba ruzuku ya uwanja wa jamii, ule wa kutumiwa na timu zote, shule, wasichana, maveterani, kila mtu, kitu kitakachowagawa kwenye kikao sio mfadhili gani, ni uwanja gani. Hela ileile mara nyingi inatosha vitu viwili tofauti kabisa: uwanja kamili wa nyasi asilia, yaani ukoka, mita 105 kwa 68, au uwanja mdogo wa nyasi bandia wa wachezaji saba kila upande, mita 60 kwa 40, una fensi ndefu na taa. Vijana watataka kapeti, wazee watataka uwanja mkubwa wa kuchezea ligi, na anayeandika andiko atataka chochote kitakachopita.

Mimi nishasoma maandiko mengi ya aina hii na karibu yote yanalinganisha kitu kimoja tu, gharama ya kujenga. Hiyo haiwasaidii kuchagua, maana gharama ya kujenga ndio sehemu ambayo mfadhili analipa. Kinachotakiwa kulinganishwa ni kwa miaka 10 mtatumia kiasi gani kwa jumla, na kwa hiyo hela watu wangapi watacheza saa ngapi.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Ruzuku yote tuigawe mafungu 100 ili tusishikwe na bei za mahali, na hayo mafungu nitakayotaja ni ya mfano, yenu yatatoka kwa wakandarasi wenu, ila mwendo wa hesabu ni huohuo. Eneo lipo, lina mteremko kidogo, udongo ni mfinyanzi. Watumiaji ni timu tatu, shule mbili, kikundi cha wasichana na maveterani.

Ukoka: hela yote iko chini ya ardhi

Uwanja wa 105 kwa 68 ukiuongezea mita tatu za usalama kila upande unakuwa 111 kwa 74, zaidi kidogo ya mita za mraba 8,200. Hapo mafungu 27 yanaenda kwa greda na kushindilia, kusawazisha na kuupa mgongo, yaani katikati pawe juu na pembeni chini. Mgongo wa asilimia 1 maana yake kutoka katikati mpaka mstari wa pembeni, mita 34, unashuka sentimita 34, kwa macho huoni ila maji yanaona. Mafungu 20 ni mitaro ya chini yenye mabomba ya matundu na kokoto, 16 ni mchanga na udongo wa juu, 10 ni maji ya kumwagilia (tanki, pampu, mabomba), 6 upimaji na michoro, 4 fensi fupi, 3 magoli na nyavu, 9 ya dharura. Nyasi zenyewe, kuleta vipando vya ukoka na kuvipanda, ni mafungu 5 tu.

Sasa kwenye kikao mtu ataona hiyo 5 atasema kumbe nyasi rahisi hivi, afu mfadhili akiwaambia mpunguze bajeti, cha kwanza kufyekwa ni ile mitaro 20 kwa sababu haionekani kwenye picha. Msifanye hivyo kwenye mfinyanzi. Siku ya uzinduzi uwanja utapendeza, mvua ndefu ya kwanza maji yatasimama mbele ya magoli, watu watacheza hivyohivyo, viatu vitakandamiza udongo mbichi mpaka uwe kama tofali, mizizi itakosa hewa, na baada ya hapo mnamwagilia na kuweka mbolea bure kabisa. Mkitaka kujua mapema kama mitaro inahitajika chimbeni shimo la sentimita 30, jazeni maji, yaache yaishe, jazeni tena mara ya pili ndio muangalie saa. Kama asubuhi yake maji bado yapo, mtaro sio anasa, na picha ya hilo shimo iwekeni kwenye andiko, ina nguvu kuliko kurasa mbili za maelezo. Kwa uwanja ambao tayari unatumika, kata kipande kwa sepeto mbele ya goli: mizizi ikiishia sentimita tatu nne na udongo unatoka kama sahani ngumu, tayari umeshakandamizwa.

Ukoka ni mmea mzuri kwa kazi hii kwa sababu unatambaa juu na chini ya udongo, ukichubuka unajiziba wenyewe. Ila unahitaji jua, maji na mapumziko. Uwanja wa udongo wa kawaida usio na mitaro hata saa 6 kwa wiki ni nyingi, wenye mitaro na mtu wa kuutunza kwa mfano huu nauhesabia saa 12, tena kwa wiki 40 za mwaka, zile nyingine unapumzika au mvua imezidi. Na usisahau miezi ya mwanzo. Kuanzia kupanda mpaka kuruhusu watu ni miezi mitatu minne, kwa hiyo andiko linaloahidi mashindano mwezi mmoja baada ya mkandarasi kuondoka limeshajifunga lenyewe, na afisa anayelisoma akijua nyasi ataliona papo hapo.

Nyasi bandia: hela iko kwenye msingi na kwenye mwaka wa kumi

60 kwa 40 na nafasi ya usalama ni 66 kwa 46, kama mita za mraba 3,000, karibu theluthi ya ule mwingine. Mafungu 11 ni kuchimba na kusawazisha, 24 ni tabaka za kokoto na mitaro, 34 ni kapeti lenyewe na vijazo vya katikati ya nyuzi zake na kulitandika, 9 fensi ndefu (bila fensi mpira unatoka na mbuzi anaingia), 8 taa, 5 michoro, 2 magoli, 7 ya dharura. Dharura hapa nimeweka ndogo kidogo kuliko ya ukoka kwa sababu kazi ya udongo ni ndogo, na udongo ndio unaoleta mshtuko, unachimba unakuta mwamba. Kwa njia, kwenye bajeti usiandike "mengineyo", mfadhili analifuta hilo neno bila kufikiri, andika dharura ya ujenzi na useme ni kwa ajili ya hatari gani.

Kwenye kununua, alama za ubora za FIFA mtakazokutana nazo sana ni mbili. FIFA Quality Pro ni kwa mpira wa kulipwa na inapimwa upya kila mwaka, FIFA Quality ndio imekusudiwa viwanja vya jamii vinavyokanyagwa saa nyingi, na cheti chake ni cha miaka 3. Watu wakisikia Pro wanadhani ndio bora basi wanaiandika, kumbe wanajiongezea gharama ya kitu ambacho hakikutengenezwa kwa matumizi yao. Ombeni zulia lililopita vipimo vya FIFA Quality inatosha.

Halafu kuna chenga za raba, zile nyeusi zinazojazwa katikati ya nyuzi. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kuzuia plastiki ndogondogo na chenga za viwanjani zimo, zimepewa muda mpaka 2031 ndio zisiuzwe tena huko. Hata kama nyie hamko Ulaya soko linafuata, na zulia mnalotandika leo litahitaji kuongezewa chenga kila mwaka kwa miaka 10. Kwa hiyo muulizeni muuzaji kama zulia lake linakubali vijazo vya asili, vya makumbi ya nazi kwa mfano, au kama kuna aina isiyohitaji chenga kabisa, na jibu aliandike.

Joto nalo sio dogo. Jua kali la mchana zulia linaweza kupita nyuzi 60 za selsiasi, watoto wa shule saa saba mchana hapo hawachezi, na ukimwagia maji linapoa kwa muda tu. Kwa hiyo saa ambazo kwenye karatasi zinaonekana tupu na mnataka kuzijaza na vipindi vya shule, nusu yake hazipo kweli. Hata hivyo saa 40 kwa wiki kwa wiki 46 uwanja wenyewe unabeba bila shida, mradi usugwe kwa brashi na sehemu za penati na kona zijazwe chenga, maana hapo ndio zinahama. Ukibonyeza kidole ukagusa kitambaa cha chini cha zulia haraka kuliko sehemu nyingine, chenga zimepungua hapo, na mshono ulioanza kufunguka hata kwa urefu wa kidole ushughulikieni wiki hiyohiyo kabla mtu hajaingiza njumu.

Na mwaka wa 8 mpaka wa 10 nyuzi zinakuwa zimechoka na jua na kukanyagwa, zulia lote linatoka. Msingi unabaki, ila zulia jipya ni mafungu 34 yaleyale na kuling'oa la zamani na kulitupa tuseme 4. Hii 38 haipo kwenye maandiko mengi. Haipo kabisa! Mfadhili makini ataitafuta na asipoiona anajua baada ya miaka kumi pale kutakuwa na zulia lililochanika na kamati mpya inayoomba ruzuku nyingine.

Weka pembeni kwa pembeni

Matunzo ya ukoka: mtu wa kudumu, mashine ya kukata na mafuta yake, mbolea, mchanga wa kuongezea juu, maji. Tuseme mafungu 7 kwa mwaka. Ya nyasi bandia: mlinzi anayefungua geti na kupiga brashi, chenga, umeme wa taa, kushona, mafungu 4 kwa mwaka, na akiba ya zulia 3.8 kwa mwaka.

| Kwa miaka 10 | Ukoka 105 × 68 | Nyasi bandia 60 × 40 |
|---|---|---|
| Kujenga | 100 | 100 |
| Matunzo | 70 | 40 |
| Zulia jipya | hakuna | 38 |
| Jumla ya mafungu | 170 | 178 |
| Saa kwa mwaka | 12 × 40 = 480 | 40 × 46 = 1,840 |
| Wachezaji kwa saa | 26 | 16 |
| Saa-mchezaji kwa mwaka | 12,480 | 29,440 |
| Saa-mchezaji kwa fungu moja | 734 | 1,654 |

Saa-mchezaji ni mtu mmoja kucheza saa moja, ndio kipimo pekee ninachokiamini kwenye maandiko haya. Gharama ya miaka kumi karibu zinalingana, tofauti kubwa ipo kwenye matumizi, na kwa jedwali hilo nyasi bandia inashinda zaidi ya mara mbili. Wengi wakifika hapa wanafunga mjadala wanaandika jina la kapeti.

Ngoja kwanza. Ile 40 ni uwezo wa uwanja, sio watu waliokuja. Zulia lisipokanyagwa gharama yake haipungui, jua linalila hivyohivyo. Kwa hiyo geuza hesabu: ni saa ngapi kwa wiki nyasi bandia inalingana na ukoka? Saa 18 mara wiki 46 mara watu 16 ni 13,248 kwa mwaka, kwa miaka kumi 132,480, gawa kwa 178 unapata 744. Karibu sawasawa na ile 734. Maana yake chini ya saa 18 kwa wiki za matumizi ya kweli, kapeti ni hasara ukilinganisha na ukoka, juu ya hapo ni faida na inapanda haraka. Hiyo 18 ni ya mfano huu, yenu inaweza kuwa 14 au 25, ila tafuteni yenu kabla hamjachagua, ni kazi ya jioni moja na kikokotoo cha simu.

Sasa saa za kweli zinapatikanaje. Kwenye mfano wetu ukiwauliza watu kwa mdomo: timu tatu kila moja mazoezi mara mbili ya saa moja na nusu, hiyo 9. Shule mbili saa 4 kila moja, 8. Wasichana 3, maveterani 2, mechi za wikiendi 4. Jumla 26, kapeti limeshinda. Halafu wapelekee karatasi waandike siku, saa, idadi ya watu na watachangia nini, wasaini. Shule moja inarudi na saa 2 kwa sababu vipindi vyake ni vya mchana wa jua, nyingine vilevile 2. Timu moja inasema sisi tuko ligi ya kumi na moja kwa kumi na moja, uwanja wa 60 kwa 40 tutafanyia mazoezi mara moja tu, na mechi za nyumbani hatuwezi. Zile saa 4 za mechi zinashuka mpaka 2 za mashindano ya watoto. Inabaki 18.5. Mnaona ilipofika, imeanguka karibu kabisa na mstari wa kulingana, na hakuna aliyedanganya, walioulizwa kwa mdomo walijibu wanavyotamani.

Ukifika kwenye mstari hapo ndio uamuzi wenyewe

Saa zenu za kusaini zikiwa 25 na kuendelea, ombeni nyasi bandia bila wasiwasi, ukoka hata mkiupenda vipi saa 25 zitauua. Zikiwa 12 au chini, ukoka. Katikati hapo mimi naangalia mambo mawili tu.

La kwanza, nani anashika hela ya kila mwaka. Ukoka unakula mafungu 7 kila mwaka, mwaka wa kwanza mpaka wa kumi, na ukikosa miezi mitatu ya kukata na kumwagilia kila mtu anaona, ila unaweza kufufuka. Nyasi bandia inakula kidogo kidogo na inasamehe uzembe, halafu siku moja inadai 38 kwa mkupuo. Kamati yenye mapato madogo ya kila mwezi lakini nidhamu ya kuweka akiba, na akaunti inayohitaji saini za watu watatu, inafaa kapeti. Kamati ambayo hela ikikaa mwaka benki lazima ipate kazi nyingine, na zipo nyingi tu, isiombe kapeti. Ukoka utawasumbua mapema na hiyo ni afadhali.

La pili ni ardhi. Hati au mkataba wa eneo uwe mrefu kuliko uhai wa zulia, miaka kumi haitoshi kwa kapeti kwa sababu mwaka wa kumi ndio mnanunua jingine. Kama mwenye eneo anatoa mkataba wa miaka mitano inayorejewa, mafungu 58 ya msingi na zulia mnayazika kwenye ardhi ya mtu.

Faida za ushiriki, ziandikwe vipi

Hapa ndio maandiko mengi yanapojiharibia. Watu wanachukua idadi ya wakazi wote wa eneo wanaandika "wanufaika 9,000". Msomaji anagawa tu: ukoka una saa-mchezaji 12,480 kwa mwaka, mtu wa kawaida akicheza saa 2 kwa wiki kwa wiki 40 ni saa 80, kwa hiyo uwanja unatosha watu 156 wanaocheza kila wiki. Nyasi bandia ikijaa kabisa, 29,440 gawa kwa 92, yaani saa 2 mara wiki 46, ni 320. Kwa zile saa 18.5 zilizosainiwa ni kama 148. Andikeni 148 na hesabu yake, inaaminika, na mwaka ukiisha mtaweza kuithibitisha mkadai awamu ya pili.

Halafu tofautisha mchezaji mpya na aliyehama. Timu tatu zilizokuwa zinacheza uwanja wa shule zikija kwenu, ushiriki haujaongezeka, umehama, ingawa mazingira yameboreka na hilo nalo lisemwe. Walioongezeka kweli mara nyingi ni wasichana, maveterani na watoto wadogo, na hawa wanaongezeka kama tu ratiba imewapa saa nzuri. Kikundi cha wasichana kikipewa saa nane mchana kwa sababu jioni ni ya timu kubwa, baada ya miezi miwili hakipo. Kwa hiyo ratiba ya wiki iambatanishwe kwenye andiko, saa kumi na moja mpaka kumi na mbili jioni zigawanywe kwa maandishi, na iandikwe kwamba mabadiliko yanapitishwa na kamati yenye mwakilishi wa kila kundi. Kwa uhaba wa saa 12 za ukoka ugomvi huu ni mkubwa zaidi, timu kubwa zitazimeza zote, hiyo ni sababu nyingine ya watu wa ushiriki kupenda uwanja mdogo.

Cha kupimia kiwe daftari la getini lenye safu tano: tarehe, jina la kwanza, umri, jinsia, na "kabla ya hapa ulikuwa unacheza wapi". Safu ya mwisho watu wanaiacha na ndio inayotofautisha mpya na aliyehama. Anzeni kulijaza hata kabla ya ujenzi, kwenye viwanja mnavyotumia sasa, kwa mwezi mmoja tu, ili mwaka ukiisha muwe na cha kulinganisha.

Kwa mfano wetu wa 18.5, kamati ya kawaida, mkataba wa ardhi mfupi, mimi ningeandika ukoka, ila sio wa 105 kwa 68. Sheria za mpira kwa mechi za kawaida zinaruhusu urefu kuanzia mita 90 na upana kuanzia 45, kwa hiyo 95 kwa 60 bado ni uwanja halali mradi ligi yenu haidai zaidi, na ukiwa na mita tatu za usalama unashuka mpaka kama mita za mraba 6,700. Mafungu yanayookolewa kwenye greda na mchanga yaende kwenye mitaro iliyokaribiana zaidi na kwenye magoli madogo ya kuhamishika, ili mazoezi yachezwe kwa upana, leo upande huu kesho ule, na mbele ya magoli makubwa papumzike mpaka siku ya mechi. Magoli ya kuhamishika yanunuliwe na nanga zake, goli lisilofungwa chini likimwangukia mtoto linaua. Na kwenye mkataba wa mkandarasi zuieni asilimia 5 mpaka 10 ya malipo kwa miezi 12, ili mvua za msimu mzima zipite juu ya ile mitaro kabla hajapewa hela yake ya mwisho.